Buluo: Moyo unapopika saa kumi na moja ya usiku, na tumbo liko wazi

Mtu wa Lubumbashi akisikia jina Buluo, anafikiri gereza kwanza. Sisi benye tunaishi huku Likasi, Buluo ni mahali pa watu wa kazi. Usiku unaona vijana na wababa wanasimama kando ya barabara na kofia ngumu mikononi, wanangojea gari ya posti ya usiku. Na kila mara, pale wanasimama, utaona mama mwenye meza ndogo na taa. Zamani juu ya meza ile kulikuwa mikate, karanga na chai. Leo, karibu meza yote ni makopo: vinywaji vya nguvu, vile vijana wanaita enerjizanti. Karanga ziko paka kwenye kona.

Sisi ni watu wa sendika. Kazi yetu ni mishahara, masaa, ajali. Hatukufikiri hata siku moja kwamba tutaandika juu ya chai na sukari. Lakini kwa muda wa mwaka mmoja tulipata malalamiko ya namna moja, tena na tena: wababa wenye nguvu, wenye miaka thelathini au arobaini, wanakuja kutuambia kwa sauti ya chini kama moyo unapika, mikono inatetemeka, woga unawashika bila sababu. Wengine walifikiri ni ugonjwa wa moyo. Wengine walifikiri wametupiwa kitu na jirani. Wengine walifikiri wanaanza kuwa wazimu, na juu ya haya hawakusema hata kwa bibi zao. Tunaeleza hapa mambo ya mmoja wao, kwa ruhusa yake, bila jina, sababu ndani ya usiku wake mmoja kila kitu kinaonekana.

Usiku wa mwenzetu wa pompe

Mwenzetu huyu anafanya kazi ya pompe katika kampuni moja ndogo yenye kuchukua kazi kwa kampuni kubwa. Posti ya usiku inaanza saa nne ya usiku na kuisha saa kumi na mbili ya asubuhi. Siku ile alikula bukari na sombe saa tisa ya mchana. Kisha hakukula tena. Hakuwa na njaa, alisema, na nyumbani chakula cha pili kilikuwa cha watoto.

Saa nne ya usiku, pale anaanza kazi, alikunywa kopo moja la mililita 250. Saa tano alikunywa kombe ya chai yenye vijiko vinne vya sukari. Saa saba alikunywa kopo la pili. Saa kumi, wakati ule macho yanafunga yenyewe, alikunywa la tatu. Makopo yale hayakuwa ya kununua: shefu wa ekipi aliyaleta katoni nzima, “ya kutia watu moyo”.

Mbele kidogo ya saa kumi na moja, mwenzetu alikuwa anafunga valvu. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi likatoka. Moyo ukapika sawa ngoma, pumzi ikawa fupi, na woga mkubwa ukamshika. Alikaa chini na kuwaambia wenzake: “Bandugu, miye nakufwa. Mubebe bibi yangu habari.” Wakampeleka ku dispansere kwa mbio.

Pale mama infirmiye alipima tansio: ilipanda kidogo tu. Alisikiliza moyo: ulikwenda mbio, lakini kwa mwendo wa kawaida, bila kuruka. Alichoma kidole na kupima sukari ya damu: ilikuwa ndani ya kipimo cha mtu mzima. Alipima malaria: hakuna. Kisha akauliza neno moja ambalo hakuna mtu aliyemuuliza mbele: “Baba, toka jana ulikulaka nini?” Mwenzetu akafikiri, akajibu: “Mama, nilikunywaka tu.”

Kafeini inafanya nini ndani ya kichwa

Mama infirmiye alitueleza mambo haya siku nyingine, sisi wa delegasio, juu ya benchi ya dispansere. Tunayarudisha sawa vile tuliyaelewa, na tuliyaangalia tena kwa munganga.

Kila saa mtu anakaa macho, ndani ya ubongo kunarundikana kitu kinaitwa adenosini. Ndiyo inaambia mwili: umechoka, lala. Adenosini inaingia mahali pake sawa ufunguo ndani ya kufuli. Kafeini inafanana nayo kidogo. Inaingia ndani ya kufuli lile lile, lakini haifungui. Inaziba tu. Basi uchovu unabaki ndani ya mwili, lakini habari yake haifiki. Kwa hiyo kopo halitoi nguvu. Linaficha deni. Kafeini ikiondoka, deni lote linakuja mara moja.

Pamoja na hayo, kafeini inafanya mwili utoe adrenalini zaidi. Hii ndiyo ile ya hatari: ukikutana na nyoka njiani, adrenalini inapandisha moyo, inatoa jasho, inatetemesha mikono, ili ukimbie. Ukiwa na nyoka mbele yako, unajua kwa nini moyo unapika. Ukiwa mbele ya pompe na hakuna nyoka, kichwa kinatafuta sababu, na kikikosa kinafanya moja: ninakufa, wameniloga, kazi itaniua. Mwili unaanza kwanza, mawazo mabaya yanafuata nyuma.

Kwa watu wengi kiasi kidogo hakileti neno. Lakini hatulingani. Mtu mwenye kuwa na woga wa ghafla toka zamani, kafeini nyingi inaweza kumletea shambulio zima. Hii imeonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa namna ile wakipewa kafeini ya makombe kama tano ya kahawa kwa mara moja.

Hesabu ya makopo

Chukua kopo, ligeuze, soma maandiko madogo. Makopo mengi yanaandika kafeini miligramu 32 kwa kila mililita 100. Kopo la 250 lina basi miligramu 80, na lile kubwa la 500 lina 160. Mengine yako na kidogo, njo maana lazima kusoma. Kombe ya chai ya majani iko na miligramu karibu 40. Makasu nayo iko na kafeini, hata kama haina maandiko: mzee anayetafuna makasu usiku mzima na kusema “miye sikunywake kitu” amekunywa.

Mwaka 2015 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilisema kwa mtu mzima mwenye afya, mpaka miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku nzima hazileti hofu. Kwa mama mwenye mimba ni 200 kwa siku. Mwenzetu alikunywa makopo matatu na chai moja: 80 mara tatu, ongeza 40, ni 280. Hakupita mpaka. Tulishangaa, tukamuuliza mama infirmiye: sasa shida iko wapi?

Akajibu kwamba mpaka ule ni wa watu wazima wenye afya kwa jumla, hauangalii kama mtu amelala au amekula. Tena kafeini haitoki upesi. Inapanda ndani ya damu kwa nusu saa au saa moja, kisha inashuka polepole: kwa mtu wa kawaida nusu yake inaisha kwa masaa karibu matano, wengine matatu, wengine saba. Tukafanya hesabu pamoja. Saa kumi na moja, pale mwenzetu alianguka, kopo la saa kumi lilikuwa karibu juu kabisa, na mabaki ya yale mengine yalikuwa chini yake. Jumla, karibu miligramu 160 ndani ya damu, kwa mtu aliyekaa masaa kumi na nne bila chakula.

Na saa moja ya asubuhi, anapofika nyumbani kulala, bado kuna karibu 125, sawa kama amekunywa kopo moja na nusu mbele ya kuingia kitandani. Anageuka huku na huku. Watoto wanapiga kelele, anawakaripia. Usingizi unakuja saa nne, unakatika saa saba. Anaamka na hasira, hataki kuona sahani, na jioni anatafuta kopo la kwanza mapema kuliko jana. Bibi yake alituambia: “Mi nilizani ameanza kunichukia.” Nyumba nzima ilikuwa inalipa katoni ya shefu.

Na sukari?

Hapa wengi wetu tulikuwa na imani mbaya. Tunasema: sukari inatia nguvu, inafurahisha. Kila kopo la 250 lina karibu gramu 27 za sukari, ni vijiko vidogo zaidi ya vitano. Makopo matatu na chai ya mwenzetu zilipeleka mwilini karibu gramu 100 usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani linaomba sukari ya kuongeza isipite karibu gramu 50 kwa siku, kwa mtu anayekula chakula cha kawaida.

Mwaka 2019 wachunguzi wa Uingereza na Ujerumani walikusanya masomo 31 yaliyofanywa juu ya jambo hili: watu wanapewa kinywaji cha sukari, wengine wanapewa cha utamu bila sukari, kisha wanaulizwa wanavyosikia. Hawakuona furaha yoyote yenye kuletwa na sukari. Waliona kinyume: ndani ya saa ya kwanza watu walisema wamechoka zaidi, na macho yao yalikuwa mazito zaidi. Basi ule mchangamko unaosikia baada ya kopo ni wa kafeini. Sukari haitoi mchango kwa roho, na uchovu unaofuata unaita kopo lingine.

Lakini tusiongeze neno. Watu wanapenda kusema “sukari yangu imeshuka” kila mara wakitetemeka. Kwa mtu mwenye afya, ambaye hatumii dawa ya kisukari, sukari ya damu haianguki kwa urahisi. Ini linaweka akiba, na mtu akikaa usiku bila chakula, linaitoa kidogo kidogo. Njo maana kidole cha mwenzetu kilionyesha sukari ya kawaida. Hapo ndipo siri ya jambo lote.

Tumbo wazi linapiga kengele ile ile

Ini haliachilii akiba yake bila kuagizwa. Wanaoagiza ni homoni, na moja kati yao ni adrenalini, ile ile ya nyoka. Baada ya masaa mengi bila chakula, zaidi mtu akifanya kazi ya nguvu, sukari ikielekea chini mwili unapiga kengele mapema, mbele ya hatari. Kengele ile ni jasho, mikono kutetemeka, moyo kupika, hasira ya haraka, woga. Sukari inarudishwa mahali pake, na kipimo kinaonyesha kawaida, lakini mtu ameisikia kengele.

Sasa weka mambo pamoja. Njaa inaita adrenalini. Kafeini inaita adrenalini. Tena wachunguzi walionyesha kwamba mtu aliyekunywa kafeini anasikia dalili za sukari kushuka mapema na kwa nguvu zaidi kuliko aliyekosa kuinywa. Ongeza kukosa usingizi, ambako kwenyewe kunaleta wasiwasi. Ongeza saa yenyewe: kati ya saa tisa na saa kumi na moja ya usiku mwili wa kila mtu uko chini kabisa, joto linashuka, mawazo yanakuwa meusi. Mwenzetu alikuwa ametiwa mambo manne yote kwa saa moja. Haikuwa uchawi, wala moyo, wala wazimu. Na pia haikuwa uvivu, sawa vile shefu wake alisema mbele ya ekipi yote.

Wazee wetu waliofanya kazi wakati wa Union Minière, na kisha Gékamini, wanakumbuka posho: mufuko wa unga uliokuja kila mwezi pamoja na mshahara. Hatusemi wakati ule ulikuwa paradiso, sababu posho ilikuwa pia njia ya kumshika mufanyakazi. Lakini kampuni ilijua jambo moja: mutu wa njaa hafanyi kazi. Leo kampuni ndogo zinatoa kopo pale pangetolewa sahani. Kopo ni bei chini, halihitaji mpishi, wala muda wa kukaa chini dakika thelathini. Hesabu ni nzuri kwa mwenye kampuni. Deni linabaki kwa mwili wa mufanyakazi.

Tulichofanya kwa wiki mbili

Mama infirmiye hakumpa mwenzetu dawa. Alimwambia achukue kaye ya mtoto, apige mistari minne: saa, nilikula nini, nilikunywa nini, roho ilikuwa namna gani kutoka 0 mpaka 10. Aandike wiki nzima bila kugeuza kitu. Sisi watatu wa delegasio tuliandika naye, ili asione haya.

Baada ya wiki kaye ilisema yenyewe. Alama za woga za 7 na 8 zilikuja karibu zote baada ya masaa nane au zaidi bila chakula, na ndani ya saa moja baada ya kopo. Siku ya mapumziko, pale alikula nyumbani mara tatu, alama hazikupita 3. Mmoja wetu, yeye, alikuta kinyume: alama zake zilipanda mwisho wa mwezi tu, pale mshahara ulichelewa, hata akila na kulala vizuri. Kwake makopo hayakuwa sababu. Ndiyo faida ya kuandika: haikubali kila mtu apewe jibu moja.

Wiki ya pili tuligeuza mambo matatu tu.

La kwanza, chakula mbele ya posti, karibu saa mbili ya usiku: bukari na maharagi, au ndagala. Maharagi na ndagala vinashuka polepole, vinashika mtu masaa mengi kuliko mukate mweupe na sukari.

La pili, kitu kidogo saa saba ya usiku: karanga za kukaanga konzi mbili, yai, au kiazi kitamu cha kuchemsha, na maji. Kidogo, sababu bukari kubwa katikati ya usiku inaleta usingizi na kulemea tumbo.

La tatu, kafeini mwanzoni tu. Chai au kopo moja mbele ya saa sita ya usiku, kisha maji mpaka asubuhi. Sababu ni ile hesabu: kilichonywewa saa tano kinakuwa kimeshuka sana saa moja ya asubuhi. Wachunguzi waliwapa watu miligramu 400 masaa sita mbele ya kulala, na bado walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Masaa sita hayatoshi kwa kiasi kikubwa, basi bora kuacha mapema.

Jambo moja tulikosea. Mwenzetu alikata makopo mawili kwa siku moja. Siku ya pili kichwa kilimuuma vibaya, alikuwa na huzuni na usingizi, akasema: “Munaona? Enerjizanti njo ilikuwa dawa yangu.” Haikuwa hivyo. Mwili uliozoea kafeini unalalamika ikikatwa: inaanza masaa 12 mpaka 24 baada ya kombe la mwisho, inakuwa kali siku ya kwanza au ya pili, na inaweza kukaa mpaka siku tisa. Hii ndiyo inadanganya watu wengi: wanakunywa tena, kichwa kinapona, wanafikiri wamepata nguvu, na kumbe wameponya tu shida iliyoletwa na kopo la jana. Tukaanza upya: nusu kopo kidogo kila siku tatu. Ikaenda bila maumivu.

Mwisho wa wiki ya tatu mikono haikutetemeka tena, na usingizi wa mchana ulifika masaa matano. Mawazo ya kodi ya nyumba na masomo ya watoto yalibaki pale pale. Chakula hakilipi kodi. Lakini, sawa vile alisema yeye mwenyewe, sasa anaweza kuyawaza akiwa amekaa, bila kufikiri anakufa.

Pale si kopo

Tunaomba mtu asichukue gazeti hili na kukaa nyumbani na ugonjwa. Maumivu yenye kubana kifua na kupanda ku mkono au taya, mtu kuzimia, moyo kuruka ruka bila mwendo, pumzi kukosa hata akikaa: hayo ni ya hospitali siku ile ile. Kutetemeka na jasho pamoja na homa, upime malaria kwanza. Na anayetibiwa kwa kinini ajue kwamba dawa ile yenyewe inaweza kushusha sukari kweli kweli, basi asikae bila kula. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akisikia dalili hizi, asingoje kuandika kaye: apime, au anywe kitu cha sukari mara moja. Kwake kushuka ni kwa kweli.

Kuna pia dawa zinazochelewesha kafeini kutoka. Siprofloksasini, ambayo watu wengi wanainunua kwa maumivu ya tumbo, ni moja yao. Kopo lile lile likikaa mwilini muda mrefu zaidi, usiku unakuwa mrefu. Wamama wanaotumia vidonge vya uzazi nao wanaikalisha kafeini karibu mara mbili. Na mtu aliyeacha sigara atashangaa: moshi unaharakisha kutoka kwa kafeini, basi akiacha, makombe yake ya kila siku yanakuwa mazito kuliko jana. Wengi wanasema ni kukosa sigara kunawapa woga, kumbe ni kahawa pia.

Na mtu mwenye huzuni ya kila siku kwa wiki mbili, asiyeona tena utamu wa kitu chochote, au anayefikiri kujitoa uhai, amwambie mtu leo, na aende kwa munganga. Hapo karanga hazitoshi.

Tulichopeleka kwa mezani

Sheria ya kazi ya 2002 inaweka masaa 45 kwa wiki, na inaomba komite ya sekirite na ijene ndani ya kampuni. Sisi tulipeleka kaye zile nne mbele ya komite. Hatukupeleka hotuba. Tuliomba vitu vitatu: dakika thelathini za kula saa saba ya usiku zenye kuandikwa katika mpango wa posti, sahani moja ya maharagi au mayai kwa kila mutu wa usiku, na fontene ya maji safi karibu na pompe. Shefu akauliza nani atalipa. Tukamwomba aweke bei ya katoni za mwezi juu ya meza, tuhesabu pamoja.

Mpaka leo tumepata maji na zile dakika thelathini. Sahani bado. Wababa wanachangia wenyewe, na mama mmoja wa pale barabarani ndiye anapika: maharagi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu ndani ya sufuria yenye kufunikwa na kitambaa. Makopo yangali juu ya meza yake, hatumzuii, ana watoto wa kulisha. Lakini karanga zimetoka kwenye kona. Na mwenzetu wa pompe, akipita kupanda gari, anachukua konzi mbili ndani ya karatasi, anaweka mfukoni kwa saa saba.